Hesabu Iliyofunga na Tiketi Moja Isiyoonekana
(Mhadhara kwa wenye mabasi na makarani wao, Mbeya)

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nimekaa miaka mingi kwenye dirisha la kupokelea hesabu, na leo nataka tuiangalie siku moja tu ya Kosta ya Mbeya–Kyela. Nauli nitakazotaja ni za mfano.

Konda ameondoka na kitabu kinachoanzia namba 4101. Jioni tiketi ya kwanza ambayo haijakatwa ni 4158. Toa 4101, unapata tiketi 57. Ukiandika namba ya mwisho iliyotumika, yaani 4157, ukatoa tu, unapata 56 na umejiibia mwenyewe tiketi moja. Makarani wengi wanateleza hapo.

Konda anasema mbili zimeharibika: 4120 na 4139. Zinabaki 55: za Kyela 31 kwa 8,000, za Tukuyu 24 kwa 5,000. Jumla 368,000. Mafuta yenye risiti 120,000, ushuru wa stendi 2,000, na 46,000 abiria walituma kwenye simu ya tajiri. Mkononi zitakiwe 200,000. Analeta 200,000 kamili. Hesabu imefunga, nendeni mkalale?

Fungua kitabu. Tiketi 4120 ipo nzima, kishina na kipande cha abiria, imepigwa mistari. Tiketi 4139 ina kishina tu, kimeandikwa Kyela. Kipande cha abiria kiko wapi? Kiko mfukoni mwa abiria. Basi hiyo imeuzwa, na pungufu la leo ni 8,000.

Sasa usimkamate konda kwa siku moja. Andika pungufu kila siku, kwa njia na kwa jina, kama asilimia ya mauzo, maana 8,000 ya Chunya si sawa na 8,000 ya Kyela kama mauzo hayalingani. Kisha wabadilishane njia kwa wiki mbili. Pungufu likimfuata mtu, zungumza na mtu. Likibaki njiani, angalia nauli kwanza: niliwahi kukuta karani anapiga hesabu kwa nauli mpya huku makonda wawili, kwa kuwa hawakuambiwa, wanatoza ya zamani. Tulikuwa tumeshawakata mshahara. Tuliwarudishia, kwa aibu.

Kuna kitu vishina havitakuonyesha kamwe: abiria aliyepanda Uyole, akatoa hela, hakupewa tiketi. Huyo hayupo kitabuni, kwa hiyo hesabu itafunga vizuri kabisa bila yeye. Dawa yake ni mkaguzi kupanda Kiwira bila taarifa, ahesabu vichwa, aangalie tiketi za walioketi, na aandike namba inayofuata kitabuni pamoja na saa. Akikuta vichwa 29 na tiketi 24, hao watano ndio mazungumzo ya jioni. Na hiyo namba aliyoandika ni muhimu, kwa sababu konda hodari anaweza kuwakatia hao watano tiketi mkaguzi akishashuka.

Haya, mama wa pale nyuma, nimeuona mkono. Uliza.