Karatasi Nne Mezani

JUMA: Haya, tunarekodi. Dada Zuhura, wiki nzima watu wanauliza habari za usaili wako wa Jumanne. Wape.

ZUHURA: Dakika kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Halafu mama mmoja kwenye jopo, aliyekuwa kimya muda wote, akafungua ukurasa wa pili wa wasifu wangu, akaweka ncha ya kalamu kwenye tarehe, akasema: "Kazi nne ndani ya miaka mitatu na miezi mitatu. Hebu tueleze." Nikaeleza. Kazi ya kwanza, kwa nini niliondoka. Ya pili, kwa nini niliondoka. Nilipofika ya tatu alikuwa ameshalaza kalamu mezani.

JUMA: Akauliza nini baada ya hapo?

ZUHURA: "Kwa hiyo hapa kwetu utaondoka kwa sababu gani?" Kaka, nilitoka pale na uchungu. Kila nilichosema kilikuwa kweli, lakini safari yenyewe sikuwa nimeisema.

JUMA: Pole sana. Leo tulipanga mambo matatu: tarehe kwenye wasifu, jibu la swali hilo, na maandalizi ya watu watakaopigiwa simu kukuthibitisha. Tutayafikia yote. Ila nianze na huyo mama, maana nimekaa upande wake wa meza mara nyingi. Anayeuliza vile hatafuti historia. Ana hofu moja: atakufundisha miezi mitano, sita, na siku utakapoanza kumfaa, utaaga. Swali linaonekana la jana, kumbe ni la kesho.

ZUHURA: Nami nikampa jana tupu.

JUMA: Ukampa kuondoka mara nne. Mtu anayesimulia alichokikimbia anaonekana mkimbizi hata kama alikuwa na haki. Unatakiwa useme ulichokiendea. Na hizo karatasi ulizokuja nazo ni za nini?

ZUHURA: Ni zoezi lako la mwaka jana, uliahidi kulirudia. Nimeandika kila kazi kwenye karatasi yake. Ya kwanza, karani wa stoo, miezi 11. Ya pili, msaidizi wa ununuzi, miezi 14. Ya tatu, mratibu wa usafirishaji, miezi 4. Ya nne, msimamizi wa stoo mwenye watu sita chini yake, miezi 10. Hiyo ya nne ilikuwa ya mradi, mkataba ukaisha.

JUMA: Ngoja hapo kwenye ya nne. Kwenye wasifu uliandika kwamba ni mkataba wa miezi 10?

ZUHURA: Niliandika cheo na tarehe tu.

JUMA: Basi umejiongezea deni ambalo si lako. Mbele ya cheo ongeza "mkataba wa mradi, miezi 10". Kazi iliyokwisha kwa mkataba, au kwa kampuni kupunguza watu, hukuiacha wewe. Itaje hivyo kwa sentensi moja na upite. Usiipambe kuwa uliondoka ili ukue, maana wakimpigia bosi wako wa zamani watasikia mradi ulifungwa, na hapo hata yale mengine ya kweli yatatiliwa shaka.

ZUHURA: Sawa. Sasa zoezi.

JUMA: Zipange kwa mfuatano wake, kisha tubadilishe nafasi ya karatasi mbili. Hadithi ikisimama hata baada ya kubadilisha, hakuna ukuaji pale, ni orodha tu. Ikivunjika, basi kazi moja ilizaa nyingine kweli. Chukua ya kwanza na ya pili. Ukiwa karani, ulikuja unajua nini ukatoka unajua nini?

ZUHURA: Nilikuja najua kuandika tu. Nikatoka naweza kuhesabu stoo nzima na kulinganisha leja na kilichopo kwenye rafu. Nikawa naona jambo moja linarudi. Hesabu haikubali, tunatafuta mwizi, wiki mbili tunatazamana vibaya, halafu inagundulika mzigo wenyewe uliingia pungufu. Oda iliandikwa katoni, muuzaji akahesabu pakiti, na siku ya kupokea mtu akasaini bila kufungua. Kosa lilianzia kwenye oda, sisi tulikuwa tunalipokea tu. Ndiyo maana nilipoona nafasi ya ununuzi nikaomba. Nilitaka kukaa pale kosa linapozaliwa.

JUMA: Hiyo! Sasa ziweke kinyume, ununuzi kwanza, stoo baadaye.

ZUHURA: Haisimami. Bila stoo nisingejua cha kutafuta kwenye oda.

JUMA: Ulimwambia yule mama?

ZUHURA: Nilimwambia niliondoka kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kupanda cheo. Nayo ni kweli.

JUMA: Ni kweli, lakini inaweza kusemwa na yeyote, kuhusu kazi yoyote. Hii ya katoni na pakiti ni yako peke yako. Endelea, ununuzi ulikupa nini?

ZUHURA: Niliomba bei kwa wauzaji, nikalinganisha, nikaandika oda. Nikafanya kila oda itaje kipimo kwa maneno: katoni moja ina pakiti ngapi. Na kwa kuwa nilikaa miezi 14, nilipitia hesabu ya mwisho wa mwaka nikiwa upande wa oda, nikaona tofauti zilizotokana na vipimo zimepungua. Halafu ile ya nne, usimamizi wa stoo, walinichukua kwa sababu najua pande zote mbili. Waliniuliza hilo waziwazi.

JUMA: Kwa hiyo uzi ni huu: mali inayopotea kwenye karatasi kabla haijapotea mkononi. Umeufuata kutoka kwenye rafu, ukaenda kwenye oda, ukarudi stoo ukiwa na watu sita wa kuwafundisha. Hilo ni jibu la dakika moja na nusu. Lakini dada, kuna karatasi umeiruka. Na mbona hii ya tatu umeikata ndogo kuliko wenzake?

ZUHURA: Sikukusudia. Labda karatasi iliisha.

JUMA: Ni nusu ya zile nyingine. Na maandishi yake umeyabana.

ZUHURA: Haya, ni miezi minne. Tangazo lilisema mratibu wa usafirishaji, nitapanga njia na ratiba za magari. Nilipofika, kazi ilikuwa kupokea simu na kuwaambia wateja gari liko njiani. Ratiba zilipangwa na mtu mwingine na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Niliuliza mwezi wa kwanza, nikauliza wa pili, wa nne nikaaga.

JUMA: Tuijaribu. Iweke mwanzo kabisa.

ZUHURA: Inakaa.

JUMA: Iweke mwisho.

ZUHURA: Inakaa. Najua unakokwenda.

JUMA: Inakaa popote, maana yake haimo kwenye uzi. Kwa hiyo usilazimishe. Sema: "Kazi tatu kati ya hizi zimejengana. Moja, ya miezi minne, nilikosea kuichagua. Haikuwa kazi iliyotangazwa, nilijaribu kuirekebisha, nikaondoka." Basi. Jopo linaamini mpangilio wenye kasoro moja iliyokiriwa kuliko mpangilio usio na doa.

ZUHURA: Hapo sikubaliani nawe, na sisemi kwa ubishi. Kwenye usaili wa kazi ya nne niliuliza swali ambalo sijawahi kuuliza kabla: "Nani anaidhinisha kuagiza mali, na mimi nitakuwa na sauti gani hapo?" Niliuliza kwa sababu ya miezi ile minne. Wangejibu vibaya nisingeichukua. Bila karatasi ndogo, karatasi ya nne haipo.

JUMA: Hapo ulijifunza kuchagua kazi. Hukujifunza kazi. Jopo linapima la pili.

ZUHURA: Jopo linapima kama nitakaa! Umesema mwenyewe. Na kitakachonifanya nikae ni kwamba sasa najua kuuliza kabla ya kuingia. Nikisema "nilikosea" na kunyamaza, nimewapa hofu yao mkononi.

JUMA: Na ukisema kila mguu uliotembea ulikuwa hatua ya kukua, hata ule uliokanyaga shimo, watakuona unapaka rangi. Nimewasikia watu hao. Kazi ya wiki sita, "nilijifunza mengi". Unauliza mengi yapi, kimya.

ZUHURA: Mimi sisemi mengi. Nasema moja, na naonyesha lilitumika wapi. Wazee wanasema mtembea bure si sawa na mkaa bure.

JUMA: Na walewale wanasema mtembezi hula miguu yake.

ZUHURA: Kwa hiyo wazee nao hawajakubaliana.

JUMA: Jaribu basi, nijibu kama mimi ndiye mama wa kalamu. Nitapima muda.

ZUHURA: "Nimekuwa nikifuata tatizo moja, upotevu unaoanzia kwenye kumbukumbu. Nililiona nikiwa karani, nikahamia ununuzi ili nilizuie kwenye oda, kisha nikapewa stoo niisimamie na timu ya watu sita kwa mkataba wa miezi 10, ambao nimeumaliza. Katikati nilichukua kazi ya miezi minne ambayo haikunipa nafasi ya kugusa ratiba wala oda, na tangu hapo nauliza mapema nani anaamua nini. Ambacho bado sijafanya ni kuongoza ununuzi na stoo kwa pamoja zaidi ya mwaka mmoja, nione uamuzi wangu mwenyewe umezaa nini. Nafasi hii inayo hayo yote mawili."

JUMA: Sekunde 50. Na hapo mwisho umegusa udhaifu wako wa kweli bila kungoja uulizwe. Aliyehamahama mara nyingi hajakaa kuona matokeo ya maamuzi yake, na kila jopo linalijua hilo. Ila mimi bado ningetoa ile sentensi ya miezi minne, niweke "nilikosea".

ZUHURA: Nami bado ningeiacha.

JUMA: Swali la kwanza baada ya jibu lako ndilo litakaloamua. Wakiuliza "hizo katoni mlizihesabuje?" umeshavuka, mmeanza kuzungumza kazi. Wakirudi na "lakini kwa nini hasa uliondoka pale?" hawajakuamini.

ZUHURA: Yule wa Jumanne alirudi.

JUMA: Kwa jibu la Jumanne. Hili hajalisikia. Umewaandikia ujumbe wa shukrani?

ZUHURA: Bado.

JUMA: Andika leo, mistari mitano. Weka ya katoni na pakiti ndani, na useme ile ya nne ilikuwa ya mkataba. Huenda isibadilishe kitu, lakini wasikumbuke kuondoka peke yake.

ZUHURA: Nitaandika nikifika nyumbani. Kaka, saa hiyo, tumebakiwa na dakika mbili. Tarehe tumezigusa juujuu, na watu wa kuthibitisha hatujawataja kabisa.

JUMA: Hatuwezi kuwaingiza kwa dakika mbili. Waliotutumia maswali ya tarehe, mtuvumilie.

ZUHURA: Nipe karatasi zangu.

JUMA: Hizi hapa. Tatu.

ZUHURA: Na ndogo.

JUMA: Hii nilitaka nibaki nayo.

ZUHURA: Kaka Juma, nipe.