Ukinzani Uliojificha Ndani ya Kapasita

Mafundi wenzangu, habari za mchana. Nianze na king'amuzi kilichofika mezani kwangu mwezi uliopita. Mwenyewe alilalamika kwamba asubuhi hakiwaki: taa inamulika, inazima, inamulika tena. Akikiacha kwenye umeme nusu saa, kinawaka na kukaa hadi usiku. Nikapima pawasaplai, mita ikasoma volti 11.8, na zilitakiwa 12. Kapasita ya elektrolaiti upande wa kutokea, mikrofaradi 1000 kwa volti 16, haikuwa imevimba. Nikaing'oa, nikaimaliza chaji, nikaipima: mikrofaradi 870. Kapasita hizi huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, kwa hiyo hapo wengi tungeirudisha mahali pake na kuanza kuutuhumu ubao.

Nikaiweka kwenye mita ile nyingine, inayoandika ESR kwenye kioo. Ilisoma oomu 0.9. Mpya ya aina hiyo husoma kama 0.05.

Namba hiyo ni ukinzani uliomo ndani ya kapasita yenyewe, kana kwamba kuna rezista ndogo imeungwa nayo kwa mfuatano. Ukifungua elektrolaiti utakuta karatasi za alumini zimeviringishwa, na katikati yake karatasi ya kawaida iliyoloweshwa majimaji. Umeme lazima upite kwenye majimaji hayo. Yakikauka, ukinzani unapanda, ilhali uwezo wa kubeba chaji unaweza kuwa umepungua kidogo tu. Majimaji hayo yakipata joto hupitisha umeme vizuri zaidi, ndiyo maana king'amuzi kiliwaka baada ya nusu saa.

Sasa piga hesabu. Pawasaplai inasukuma mkondo kwa mapigo, tuseme ya ampea 2. Kwenye oomu 0.05, kila pigo linatikisa volti kwa 0.1 tu. Kwenye oomu 0.9, linatikisa kwa 1.8. Mita ya kawaida inatoa wastani, kwa hiyo inaonyesha karibu 12, lakini prosesa inaona volti inaporomoka na inajizima. Tena ukinzani ule unazaa joto, na joto linazidi kukausha majimaji. Niliweka mpya ya nyuzi 105, ya aina yenye ukinzani mdogo, na kazi ikaisha.

Kijana mmoja pale karakana akaniuliza: kama tatizo ni ukinzani, kwa nini tusiweke seramiki kila mahali? Seramiki haina majimaji ya kukauka, na ukinzani wake ni milioomu chache tu. Swali zuri sana, na ninataka tukae nalo.

Kwanza, seramiki ndogo zenye mikrofaradi nyingi, zile za X5R na X7R, hupoteza uwezo zinapowekewa volti. Ile ya mikrofaradi 10 kwa volti 16, ukiiweka kwenye laini ya volti 12, inaweza kubaki na chini ya nusu. Mita yako haitakuambia, maana inapima kwa volti ndogo. Kufikia 1000 ungehitaji rundo zima. Kazi yake hasa iko kwenye miguu ya chipu: nanofaradi 100, karibu kabisa na mguu wa umeme, ili kujibu mahitaji ya ghafla ambayo elektrolaiti, iliyo mbali na yenye miguu mirefu, haiwahi kuyajibu.

Pili, na hili ndilo linalowaponza mafundi wazuri, kuna saketi zinazoutegemea ukinzani ule. Chukueni regyuleta LM1117 ya volti 3.3. Karatasi yake ya maelezo inataka kapasita ya kutokea iwe na ukinzani kati ya oomu 0.3 na 22. Regyuleta hutazama volti inayotoka na kuisahihisha, lakini sahihisho lake linachelewa kidogo. Ukinzani wa kapasita hufanya volti iruke mara tu mkondo unapobadilika, na hivyo regyuleta inapata habari mapema. Ukiondoa ukinzani huo, habari inachelewa, sahihisho linapitiliza, linarudi, linapitiliza tena. Volti inaanza kutetemeka yenyewe.

Nimeliona hilo kwenye ubao ambao mtu alitoa tantalamu ya mikrofaradi 10 akaweka seramiki ya ukubwa uleule, kwa nia njema kabisa. Mita ilisoma 3.3 safi, lakini Wi-Fi ilikatika kila dakika. Osiloskopu ndiyo iliyoonyesha mtetemo. Sikuwa na tantalamu siku hiyo, nikaunga rezista ya oomu 0.47 kwa mfuatano na seramiki ile, na mstari kwenye kioo ukanyooka.

Regyuleta nyingi za siku hizi zimetengenezwa zikubali seramiki. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha aina ya kapasita, soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa regyuleta, fungua karatasi yake, utafute sehemu ya kapasita ya kutokea. Kama imetaja kiwango cha chini cha ukinzani, seramiki peke yake isikae pale.