Nguzo tisa za roshani: jinsi ya kupanga grili ya mviringo katika Blender

Karibuni, ndugu zangu. Wale wa nyuma sogeeni mbele, skrini hii si kubwa na nitakuwa naonyesha namba.

Leo nina roshani moja tu. Ni roshani ya ghorofa ya kwanza, imetoka ukutani kwa mita 2 zilizonyooka, ikazunguka nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.5, kisha ikarudi ukutani kwa mita 2 nyingine, vipimo vyote vikiwa vya mstari wa katikati ya nguzo. Ukiitazama kutoka juu inafanana na ulimi. Mwenye nyumba anataka grili yenye nguzo za bomba la mraba la milimita 50, na umbali wa nguzo hadi nguzo usizidi mita 1.2. Kwa maneno, kazi imekwisha. Kwenye kompyuta ndipo inapoanza kukataa.

Mara ya kwanza nilipochora kitu cha namna hii nilitumia njia ambayo nadhani wengi wenu mnaitumia: nguzo moja, Array ikairudia, kisha Curve modifier ikaipindisha safu nzima kufuata mstari. Kwa mbali ilipendeza. Nikampelekea fundi wa kuchomelea. Akanipigia simu, akaniuliza, "Mwalimu, hizi nguzo za mwisho mbona hazifiki ukutani? Na hizi za kwenye kona, bomba lako ni la mraba au ni la mshazari?" Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Array inarudia kwa hatua uliyoipa, na kipande kinachobaki mwishoni inakiacha kama kilivyo. Curve modifier nayo haiweki nguzo kwenye mstari, inalikunja umbo lenyewe: upande wa ndani wa nguzo unabanwa, wa nje unavutwa. Kwa uzi au mnyororo haidhuru. Bomba la chuma halikunjwi hivyo.

Kwa hiyo tunahamia Geometry Nodes, ambako nguzo inabaki ngumu na kinachopangwa ni vituo vya kuisimamishia. Mstari wa njia unaingia, nodi ya Resample Curve inaugawa kuwa nukta, na Instance on Points inasimamisha nakala ya nguzo kwenye kila nukta. Nodi hizo mbili ndizo moyo wa kazi, na ya kwanza ina mtego.

Resample Curve ina chaguo liitwalo Length. Unaandika 1.2, unafurahi, unaendelea. Sasa tupige hesabu. Njia yetu ni mita 2, na 4.712 za nusu duara, na 2 tena: jumla 8.712. Gawa kwa 1.2 unapata 7.26. Blender inachukua 7 na kutupa desimali, kisha inagawanya njia nzima sawasawa kwa sehemu 7. Kila sehemu inakuwa mita 1.245. Uliomba isizidi 1.2, umepewa iliyozidi, na hakuna onyo lolote linalotokea. Namba uliyoandika ni 1.2 na bado inasomeka 1.2 pale pale. Ndiyo maana watu hawaugundui mtego huu mpaka apatikane mtu mwenye futi mkononi.

Tunachotaka ni kinyume chake: tupande juu, sehemu 8. Basi tunaacha Length, tunatumia Count, na hesabu tunaifanya wenyewe kwa nodi za Math:

```
sehemu = ceil(urefu / 1.2 - 0.001)
Count  = sehemu + 1
```

Ile moja ya kuongeza mnaielewa: sehemu 8 zinahitaji nguzo 9. Ukizungushia uzio uliofungwa, kama wa kisima, usiiongeze, kwa sababu nguzo ya mwisho ndiyo ya kwanza. Ile 0.001 ndiyo inayowashangaza watu. Chukua ukuta wa mita 2.4 kamili. Ukigawa kwa 1.2 unapata 2, lakini kompyuta inaweza kuuona urefu kuwa 2.4000001, ceil ikapanda hadi 3, ukashtukia nguzo ya ziada isiyo na sababu. Ukipunguza kidogo kabla ya kupandisha, tatizo linaisha.

Dada pale anauliza mstari wenyewe uchorwe wapi, ukingoni mwa zege au wapi. Swali zuri kuliko nilivyopanga. Chora katikati ya nguzo. Hapa nguzo zinakaa milimita 80 ndani ya ukingo. Ningechora ukingoni, nusu kipenyo kingekuwa 1.58, nusu duara mita 4.964, na ukiigawa peke yake, kama tutakavyofanya punde, kwa 1.2 unapata 4.14, yaani sehemu 5 badala ya 4. Nguzo nzima inazaliwa kwa sababu ya milimita 80.

Tuendelee. Mkiitazama njia yetu yenye sehemu 8 zilizo sawa, kila moja mita 1.089, kuna jambo fundi hatalipenda. Nguzo ya tatu iko mita 2.178 kutoka ukutani, ilhali mviringo unaanza mita 2 kamili. Bomba la juu lililonyooka na bomba lililokunjwa vinakutana hewani, sentimita 18 kabla ya nguzo. Kila kiungo cha kuchomelea kinachoning'inia hivyo kinaonekana, hata ukikisaga namna gani. Kiungo kinatakiwa kikae juu ya nguzo.

Dawa yake ni kuacha kuiona njia kama mstari mmoja. Ninachora mistari mitatu, nyoofu, nusu duara, nyoofu, kisha naiunganisha kwa Ctrl+J iwe kitu kimoja chenye mistari mitatu ndani yake. Hapa angalieni nodi ya urefu. Kuna Curve Length na kuna Spline Length. Ya kwanza inajumlisha yote, inakupa 8.712. Ya pili inampa kila mstari urefu wake, na Count inaupokea kwa kila mstari peke yake. Tunataka ya pili. Sasa kila upande ulionyooka, mita 2, unapata sehemu 2 za mita 1. Nusu duara linapata 3.93 inayopanda kuwa 4, kila moja mita 1.178, ambayo ni nyuzi 45 kamili. Jumla ni sehemu 8 zile zile na nguzo 9 zile zile, ila sasa kuna nguzo mahali mkunjo unapoanza na unapoishia.

Gharama yake ni kwamba nafasi si sawa tena: mita 1 huku, 1.178 kule. Mimi nakubali. Jicho halilinganishi upande ulionyooka na mviringo, na fundi anashukuru. Kwenye uzio mrefu wa bustani usio na kiungo cha bomba ningefanya vingine.

Kuna takataka moja ya kufagia. Mistari mitatu inatoa nukta 3, 5 na 3, jumla 11, kwa sababu kila kiungo kina nukta mbili zilizolaliana. Usipozishughulikia utakuwa na nguzo mbili mahali pamoja. Kwa macho huzioni, labda utaona madoa kwenye picha ya mwisho, lakini orodha ya manunuzi itasema mabomba 11. Weka Curve to Points yenye chaguo la Evaluated, halafu Merge by Distance yenye 0.001, kabla ya Instance on Points. Fungueni dirisha la Spreadsheet mhesabu wenyewe: 11 kabla, 9 baada.

Nguzo zimesimama, lakini zote zinatazama upande mmoja kama askari. Kwa bomba la duara nisingejali. Kwa la mraba, lazima ligeuke kufuata mkunjo. Chukua Tangent inayotoka kwenye Curve to Points, ipeleke Align Rotation to Vector, ambayo kwenye matoleo ya zamani ni Align Euler to Vector, weka Axis kuwa X na Pivot kuwa Z, kisha matokeo yaingie Rotation ya Instance on Points. Hiyo Pivot ya Z ni muhimu siku mtakapoupeleka mpangilio huu kwenye ngazi. Inasema: geuka, lakini usiiname. Ukiiacha Auto, nguzo za ngazi zitalala kufuata mteremko kama migomba baada ya upepo.

Na kwa kuwa nimetaja ngazi: huko nafasi inapimwa kwenye mteremko, kwa hiyo kwa macho ya mlalo nguzo zitasogeleana. Kwa mteremko wa nyuzi 32, mita 1 ya njia inaonekana kama sentimita 85 hivi. Nayaacha hapo.

Sasa bomba la juu, mahali ambapo nimeona hata watu wazoefu wakiteleza. Mtu anatoa mstari kutoka Resample Curve, anaupeleka Curve to Mesh, anaupandisha mita 1.1, basi. Lakini mstari ule umeshakatwa kuwa nukta chache. Kwenye mviringo wetu una vipande 4 tu vilivyonyooka. Bomba halizunguki tena, linakata kona, na katikati ya kila sehemu limeingia ndani sentimita 11 na zaidi kutoka kwenye njia ya kweli. Kwenye nguzo zenyewe linagusa vizuri kabisa, ndiyo maana ukivuta picha karibu na nguzo huoni kosa. Bomba lichukue mstari wa asili, kabla ya Resample. Tawi moja la nguzo, tawi moja la bomba, vikutane kwenye Join Geometry. Na mstari wa asili upeni Resolution ya 64, maana ile 12 ya kawaida inaonyesha pembe kwenye bomba jembamba.

Kaka anauliza kwa nini akipima nguzo mbili za mviringo kwa Measure anapata 1.148 wakati hesabu inasema 1.178. Hakuna kosa. Blender iligawa kwa kufuata mkunjo, na kipimo chako kinakwenda moja kwa moja kutoka nguzo hadi nguzo. Tofauti ya sentimita 3 ni ya kweli, na fundi naye atapima moja kwa moja, kwa hiyo kwenye karatasi yake msiandike 1.178. Mkiiandika hiyo, kila hatua itazidi kwa sentimita 3 na kidogo, na ya nne itakosa mwanzo wa upande ulionyooka kwa sentimita 13 hivi.

Mimi siku hizi simpi hata 1.148. Nampa kitovu cha nusu duara, ambacho kiko juu ya zege lenyewe, kinaweza kupigwa msumari. Kutoka kwenye msumari anavuta uzi wa mita 1.5. Nguzo ya kwanza ya mkunjo iko ubavuni, mita 1.5 kutoka msumari. Inayofuata iko mita 1.061 kwenda kando na 1.061 kwenda mbele. Ya tatu iko mbele kabisa, mita 1.5. Upande wa pili ni hivyo hivyo, na zile nne zilizobaki zinarudi nyuma ukutani kwa hatua ya mita 1, mbili kila upande. Namba hizo zote ziko kwenye Spreadsheet, safu ya position, ukiwa umeweka kitovu kwenye sifuri tangu mwanzo. Usipokiweka sifuri, andaa kikokotoo.