Kura Imebadilika Yenyewe: Jinsi ya Kugandisha RAND na TODAY kwenye Excel

Tazama kwenye skrini. Kolamu A ina majina 45, kuanzia A2 mpaka A46, na tunataka kuchagua 10 kwa kura. Kwenye B2 naandika fomula hii, kisha naiburuta mpaka B46:

```
=RAND()
```

Kila jina limepata namba yake kati ya 0 na 1. Kwenye C2 naweka fomula ya kuzipanga kwa nafasi, nayo naiburuta mpaka chini:

```
=RANK(B2,$B$2:$B$46)
```

Wenye nafasi ya 1 hadi 10 ndio waliochaguliwa. Jina la kwanza hapa lina nafasi ya 4, kwa hiyo limo. Sasa nakwenda pembeni kabisa, kwenye seli H1, naandika herufi moja tu na kubonyeza Enter. Rudisha macho kolamu C. Lile jina lililokuwa la 4 sasa ni la 31. Sijagusa kura, lakini kura nzima imepigwa upya.

Mimi niliwahi kuwatangazia watu orodha asubuhi, mchana nikafungua faili nirekebishe jina moja lililokosewa, na wale kumi wakawa wengine. Nilishindwa kuonyesha orodha niliyoitangaza ilitoka wapi. Ndiyo maana hatua inayofuata naomba uifanye kabla hujamwonyesha mtu yeyote matokeo.

RAND, RANDBETWEEN, TODAY na NOW ni fomula ambazo Excel huzikokotoa upya kila mara inapopiga hesabu, hata kama ulichobadilisha hakizihusu. Kufungua faili nako kunaziamsha. Dawa ni kuitoa fomula na kuiacha namba peke yake.

Chagua B2 mpaka B46. Bonyeza Ctrl+C. Usihame hapo hapo ulipo, bonyeza Ctrl+Alt+V, kisha V, kisha Enter. Kwenye Google Sheets ni Ctrl+C halafu Ctrl+Shift+V. Umebandika thamani juu ya fomula zake.

Nasisitiza ubandike palepale. Ukibandika kolamu ya pembeni, zile fomula za mwanzo zitajikokotoa tena, na utaona namba mbili tofauti kwenye mstari mmoja. Wengi hudhani wamekosea kunakili. Hawajakosea: nakala imeganda, ile ya mwanzo bado inakimbia, na kolamu C bado inaisoma ile inayokimbia.

Hakikisha sasa. Bofya B2 na utazame upau wa fomula juu. Ukiona namba ndefu ya desimali, imeganda. Ukiona bado =RAND(), rudia. Kisha bonyeza F9, ambayo huilazimisha Excel kukokotoa, na uangalie kama kolamu C inatulia. Hapa imetulia. Kolamu C yenyewe nimeiacha na fomula zake, kwa sababu inasoma namba ambazo hazisogei tena.

Angalizo moja: ukibonyeza Ctrl+Z baada ya hapo, fomula zitarudi, lakini zitarudi na namba mpya. Kwa hiyo ukishagandisha, hifadhi faili.

Kuna wanaozima ukokotoaji wa kiotomatiki, wauweke wa mkono, wakidhani wamemaliza kazi. Mimi siupendi ushauri huo. Fomula bado zipo, na F9 moja inatosha kuipiga kura upya. Mbaya zaidi, fomula zako nyingine zote nazo zinabaki na majibu ya zamani bila wewe kujua.

Twende kwenye tarehe. Kwenye E1 nilikuwa nimeweka =TODAY() kama siku ya kura, na F1 inahesabu siku ya mwisho ya kuthibitisha:

```
=E1+14
```

Kesho E1 itasogea siku moja, na F1 itasogea nayo. Hakuna atakayechelewa kamwe. Simama kwenye E1, bonyeza Ctrl na alama ya nukta-mkato (;), kisha Enter. Tarehe ya leo imeandikwa kama tarehe tu. F1 iache na fomula yake.

Kama kura ilipigwa siku iliyopita, andika tarehe ile kwa mkono, maana kugandisha TODAY leo kutakupa leo. Na ukibandika thamani ya tarehe kwenye seli nyingine ukakuta 45658, usiogope. Excel huhesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1900, na 45658 ni tarehe 1 Januari 2025. Bonyeza Ctrl+1, chagua Date, itasomeka kama tarehe.