Kulisha kabla ya kupandisha ili kondoo na mbuzi wazae kwa pamoja

Karibuni tena, wafugaji. Leo tuna kondoo jike 30 ambao bado hawajaanza kuingia joto, na tunataka wazae ndani ya muda mfupi.

Kwanza, mtenge dume wiki sita. Wasimwone, wasimsikie, wala wasinuse harufu yake. Akirudi ghafla, mayai huanza kupevuka.

Sasa shika kiuno. Tazama mkono: vidole viko nyuma ya ubavu wa mwisho, juu ya uti wa mgongo. Huyu mifupa yake inasikika kirahisi lakini haichomi kidole, na nyama ni kidogo. Tunampa alama 2 kati ya 5. Huyu wa pili lazima ubonyeze ndipo uisikie mifupa, ana 3. Kwenye kundi letu 12 wana alama 2, nao ndio tutakaowaongezea chakula. Aliyenenepa tayari hatatoa mayai zaidi kwa kulishwa, kwa hiyo usimpotezee nafaka.

Wengi hukosea tarehe ya kuanza. Tarehe ya kuanza kulisha ihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya joto, si siku ya kumwingiza dume. Kondoo walioamshwa na dume hutoa yai la kwanza bila dalili za joto, kisha wengi huingia joto kati ya siku ya 17 na ya 25 tangu dume aingie. Kwa hiyo anza kulisha siku ileile dume anapoingia. Mbuzi ni tofauti: wengi huonyesha joto ndani ya siku 10, hivyo walishe wiki mbili kabla ya beberu kuingia.

Anza na gramu 100 za nafaka iliyoparazwa kwa kila mmoja kwa siku. Ongeza 100 kila baada ya siku tatu hadi ufike 400. Ukimwaga 400 siku ya kwanza, tumbo hujaa asidi, anaharisha na anaweza kufa. Kila mmoja apate sentimita 45 za hori, la sivyo wababe watakula cha wanyonge. Endelea hadi siku ya 35, kisha punguza taratibu kwa wiki nzima, maana kukata ghafla kunahatarisha mimba changa.

Kwa kuwa joto litakuja kwa mkupuo, tumia madume wawili waliokomaa. Wapake kidarini rangi ya njano iliyochanganywa na mafuta ya kupikia, na urudie kila baada ya siku mbili. Siku ya 27 badilisha iwe nyekundu. Jike mwenye njano mgongoni akipata na nyekundu, hakushika mimba. Wawili watatu si ajabu. Wakifika nusu, huenda dume ana kasoro, mbadilishe siku hiyohiyo.

Siku ya 42 watoe madume. Mimba ya kondoo huchukua takribani siku 147, kwa hiyo wenye njano peke yake watarajie kuanzia siku ya 164 hadi ya 172 tangu dume aingie, siku chache zikizidi au kupungua. Wenye nyekundu watafuata takribani siku 17 baadaye. Watenge zizi lao.