Tawi Moja, Masalio Mawili

Wachambuzi wenzangu, habari za mchana. Leo nitashughulika na barua pepe moja tu, ile ambayo meneja wa tawi anaisubiri akiwa na karatasi mbili mezani na kila karatasi inasema lake.

Tuchukue tawi la taasisi ya mikopo midogo. Ni asubuhi ya tarehe 1 Julai. Ripoti ya kufunga mwezi inaonyesha wateja wanadaiwa shilingi 412,600,000. Dashibodi ambayo meneja huifungua kwenye simu inaonyesha 451,300,000. Tofauti ni 38,700,000. Mchana ana kikao na makao makuu, na anataka kujua ataje ipi.

Kabla ya kuandika neno lolote, hesabu mistari. Wengi hukimbilia shilingi, lakini idadi ya mistari huongea mapema zaidi. Ripoti ya kufunga mwezi ina mikopo 318. Data iliyo nyuma ya dashibodi ina mistari 328. Mkopo mmoja unatakiwa uwe na mstari mmoja, kwa hiyo ama kuna mikopo 10 ambayo ripoti ya kwanza haina, ama kuna mikopo iliyojirudia. Swali hilo linajibiwa hivi:

```sql
SELECT loan_id, COUNT(*) AS mara
FROM dashboard_loans
GROUP BY loan_id
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Anayetumia Excel aandike `=COUNTIF(A:A,A2)` pembeni ya namba ya mkopo, kisha achuje zote zinazozidi 1. Hapa inatoka mikopo 9. Minane imetokea mara mbili, mmoja mara tatu. Ukifungua majalada utaona kinachoifananisha: ile minane ina wadhamini wawili wawili, na ule mmoja una wadhamini watatu. Aliyetengeneza dashibodi aliunganisha jedwali la mikopo na jedwali la wadhamini ili majina yao yaonekane. Mkopo wenye wadhamini wawili ukapata mistari miwili, na kila mstari ukabeba salio lote. Mikopo minane ina salio la 29,400,000, nalo limeongezwa mara moja zaidi. Ule mmoja una 3,400,000, umeongezwa mara mbili zaidi, yaani 6,800,000. Jumla ni 36,200,000.

Hapa ndipo wengi huridhika mapema. Sababu imepatikana, ni kubwa, inaeleweka, basi barua inaandikwa. Lakini tofauti ilikuwa 38,700,000. Zimebaki 2,500,000 ambazo hazijaelezwa, na meneja mzoefu atazitoa kwa kikokotoo cha simu kabla hujamaliza sentensi ya pili. Usitume mpaka kinachobaki kiwe sifuri.

Zile 2,500,000 zinatokana na saa. Dashibodi huvuta data saa 12 jioni, mfumo hufunga siku saa 6 usiku. Katikati ya saa hizo wateja saba walilipa marejesho kwa simu. Walilipa jumla ya 2,900,000, na hapo pana mtego: 400,000 ni riba, haipunguzi salio la mkopo. Kinachopunguza salio ni 2,500,000. Ukiweka kiasi chote kilicholipwa, hesabu yako itapitiliza kwa 400,000 na utatafuta siku nzima kosa ambalo umelitengeneza mwenyewe. Hakikisha pia kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao saba aliye kwenye ile mikopo 9, maana angekuwepo, rejesho lake nalo lingehesabiwa zaidi ya mara moja na sababu mbili zingeingiliana. Katika mfano wetu hayupo.

Sasa, ipi ni sahihi? Ya kufunga mwezi. Si kwa kuwa imetoka kwenye mfumo mkuu, hiyo peke yake haitoshi. Ni sahihi kwa kuwa salio lake linalingana na akaunti ya mikopo kwenye leja kuu ya tarehe 30 Juni, na kwa kuwa jalada la ule mkopo wenye wadhamini watatu lina mkataba mmoja tu wa 3,400,000 zinazodaiwa. Na msimwambie meneja kwamba "zote ni sahihi, inategemea unavyoangalia". Dashibodi haikuwa sahihi hata kwa saa 12 jioni. Ukiondoa mirudio, ilipaswa kusoma 415,100,000.

Barua yenyewe iwe hivi:

> Mada: Salio la mikopo 30 Juni – tumia 412,600,000
>
> Habari za asubuhi Meneja,
>
> Kwenye kikao cha leo tafadhali tumia ripoti ya kufunga mwezi, 412,600,000. Inalingana na leja kuu. Ya dashibodi, 451,300,000, imezidi kwa 38,700,000 kwa sababu mbili:
>
> 36,200,000: mikopo 9 yenye mdhamini zaidi ya mmoja imehesabiwa zaidi ya mara moja. Hili ni kosa la dashibodi.
>
> 2,500,000: marejesho ya wateja saba yaliyoingia kwa simu kati ya saa 12 jioni (18:00) na saa 6 usiku, baada ya dashibodi kuvuta data. Nimetoa riba.
>
> Hakuna tofauti iliyobaki.
>
> Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 haikubadilika, ni 20,630,000. Lakini kwa salio sahihi ni asilimia 5.0 ya mikopo yote, si 4.6 kama dashibodi ilivyoonyesha.
>
> Wadhamini waliunganishwa kwenye dashibodi tarehe 3 Juni, hivyo takwimu za Mei hazijaguswa. Tafadhali usitumie salio la dashibodi mpaka nikutaarifu kuwa limerekebishwa. Namba za mikopo 9 na marejesho 7 zimo kwenye kiambatisho.

Tazameni jibu limekaa wapi: kwenye mada. Meneja aliye njiani kwenda kikaoni ataisoma kwenye kioo cha simu bila hata kuifungua. Saa nazo zimeandikwa kwa namna mbili, kwa sababu mfumo unaandika 18:00 na sisi tunasema saa 12, na pengo hilo la saa sita limeshazua mabishano mengi yasiyo na msingi. Majina ya wateja hayamo. Namba za mikopo zinatosha, maana barua pepe husambazwa.

Aya ya asilimia ndiyo ngumu kuandika, na ndiyo wengi huiacha. Salio lilipovimba, mikopo iliyochelewa ilionekana ndogo kuliko ilivyo. Meneja lazima aambiwe na wewe, asubuhi, kabla hajaulizwa na mkaguzi.

Kuhusu marekebisho, jihadharini na njia ya mkato ya `SUM(DISTINCT balance)`. Inaondoa kiasi kinachofanana, haiondoi mkopo unaojirudia. Wateja wawili tofauti wanaodaiwa 1,200,000 kila mmoja watageuka mmoja, na sasa dashibodi itapungua badala ya kuzidi. Dawa ni kuwakusanya wadhamini wa kila mkopo kwenye mstari mmoja kwanza, ndipo uunganishe:

```sql
SELECT loan_id,
       STRING_AGG(guarantor_name, ', ') AS wadhamini
FROM guarantors
GROUP BY loan_id;
```

Ukishaunganisha kwa `LEFT JOIN`, ili mikopo isiyo na mdhamini isipotee, hesabu mistari tena. Ikiwa 318, mwandikie meneja kwamba dashibodi inatumika. Ikiwa 317 au 319, bado.