Kabla Hujalipa: Tupige Hesabu ya Kusoma China

Shikamooni wazazi, na vijana mambo vipi. Tuko ofisini kwetu Mwanjelwa, Mbeya, na kazi yetu ni kuwaombea vijana nafasi katika vyuo vya nje. Leo tunachukua China. Shika daftari, gawa ukurasa safu tatu.

Safu ya kwanza andika "wakala". Hiyo ni hela yetu, shilingi 800,000. Unalipa 300,000 siku ya kufungua faili, na tukishatuma maombi hairudi, hata chuo kikikataa. Zile 500,000 tunazipokea barua ya udahili ikishatoka. Kila malipo dai risiti ya mashine.

Safu ya pili ni "chuo": ada, bweni na bima. Hela hizi zinapitia benki kwenda akaunti yenye jina la chuo chenyewe. Ukipewa namba ya simu au akaunti ya mtu binafsi usilipe, hata kama mtu huyo ni mimi.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme barua inasema ada ni yuan 20,000 kwa mwaka, na umepata ufadhili wa nusu. Mzazi anazidisha 10,000 kwa miaka minne, anapata 40,000, anaanza kutafuta mteja wa shamba la parachichi. Subiri kwanza, mzazi. Soma kipengele cha ufadhili mpaka mwisho. Mara nyingi ni wa mwaka wa kwanza tu, na kuendelea nao kunategemea matokeo. Kwa hiyo andika 10,000 ya mwaka wa kwanza, kisha 20,000 mara tatu. Jumla 70,000. Hiyo ndiyo ya kujipanga nayo, bweni na chakula bado.

Safu ya tatu ni "njiani": pasi, vipimo vya afya, viza, tiketi ya ndege. Sisi wa huku tunasahau kwamba ubalozi uko Dar, kwa hiyo weka basi la kwenda na kurudi na pa kulala. Ongeza pia kibali cha ukaazi, maana mwenye viza ya X1, ile ya wanaoenda kusoma muda mrefu, anatakiwa kukiomba ndani ya siku 30 tangu aingie China.

Viza yenyewe hatukuahidi. Unaweza kuwa na barua ya udahili na fomu ya JW202, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, mkononi, na bado ukanyimwa, kwa sababu anayeamua ni ubalozi. Sisi tunahakikisha karatasi zako ziko sawa, basi. Ukinyimwa, katika zile 500,000 tunakurudishia 250,000, na imeandikwa kwenye mkataba. Ada uliyokwisha kulipa chuoni inafuata masharti ya chuo, yasome kabla hujatuma.

Ukija, njoo na hiyo karatasi ya safu tatu pamoja na vyeti halisi. Mkataba utaondoka nao ukausome nyumbani. Siku hiyo hiyo hatusainishi mtu.